Jinsi Ninavyoweka Madoadoa Yanayokaa Ndani ya Ngozi

Hivi karibuni msomaji mmoja alinitumia picha ya dada yake aliyoihariri mwenyewe, akaniuliza kwa nini madoadoa aliyoyaweka kwenye pua na mashavu yanaonekana kama pilipili manga iliyonyunyizwa usoni. Swali lake limenikuta nikiwa na jambo la kujivunia, kwa kuwa jalada la riwaya nililolihariri limetoka kiwandani, likiwa na uso wa msichana ambaye mwandishi alimweleza kuwa na madoadoa tangu utotoni, ilhali mwanamitindo tuliyempiga picha hakuwa na hata doa moja. Mhariri wa kitabu alipoliona aliniuliza msichana yule nilimtoa wapi. Nilicheka, lakini moyoni nilimkumbuka mwenye studio mmoja niliyemfanyia kazi zamani, ambaye hakuchoka kuwaambia wateja mbele yangu kwamba shughuli hii ya kuhariri picha ni kuchezea rangi tu.

Madoadoa ya asili ni sehemu ndogo ambazo melanini imeongezeka ndani ya ngozi ya juu kwa sababu ya jua, na hayana mwinuko wowote. Kwa kuwa rangi iko ndani, vinyweleo na mikunjo midogo hupita juu yake bila kukatika, na mng'ao wa mafuta kwenye ncha ya pua huyafunika badala ya kufunikwa nayo. Picha ya msomaji wangu ilikuwa na madoa meusi, makali, yaliyokaa juu ya mng'ao huo, na jicho la mtazamaji hukataa hilo hata kama mtazamaji mwenyewe hawezi kueleza sababu.

Jambo la kwanza ninalolifanya ni kupata kipimo, kwa sababu madoa makubwa kupita kiasi huharibu kazi mapema kuliko rangi mbaya. Duara lenye rangi la jicho la mtu mzima lina upana wa takriban milimita 12, na watu hawatofautiani sana katika hilo. Katika picha ya jalada msichana alikuwa ameugeuza uso kidogo, lakini macho yake yalitazama kamera, kwa hiyo duara hilo halikubanwa na pembe. Nilipolipima lilikuwa na pikseli 120. Hapo nilijua kwamba pikseli 10 ni milimita moja, na kwamba doa la kawaida, ambalo huwa na milimita moja au mbili, lilipaswa kuwa na pikseli 10 hadi 20.

Rangi siitafuti mbali. Ninachukua sampuli ya ngozi ileile, mahali pasipo na kivuli wala mng'ao, na tabaka la madoa ninaliweka katika hali ya Multiply ndani ya Photoshop. Ngozi ya msichana wetu, ambaye ni maji ya kunde, ilisomeka 180, 130, 100 kwa nyekundu, kijani na buluu. Ikizidishwa kwa rangi hiyohiyo na kugawanywa kwa 255 inatoa takriban 127, 66, 39, yaani hudhurungi iliyokolea na yenye wekundu, ambayo ni jamaa wa ngozi yake mwenyewe. Ukitumia nyeusi au kijivu unapata uchafu. Kwa nguvu kamili rangi hiyo bado ni nzito, na ndiyo maana ninaipunguza kwa Opacity.

Matabaka ninayachora matatu. La kwanza lina madoa mapana na hafifu ya pikseli 20 hadi 30, kwa brashi yenye Hardness 0, na Opacity ya tabaka haizidi asilimia 25. Ukilitazama peke yake unaona ngozi iliyochafuka kidogo tu, nalo ndilo linaloyapa madoa mengine mahali pa kukaa. La pili lina madoa ya pikseli 10 hadi 15 yenye kingo zilizo wazi kiasi, na hili ndilo mtu atakaloliona na kuliita madoadoa. La tatu ni vidoa vichache vya pikseli 5 hadi 8, vilivyokolea kuliko vyote, ambavyo baadhi yake vinagusa kingo za madoa ya tabaka la pili hadi yakaungana na kupoteza umbo la duara. Mipangilio ya Scattering na Size Jitter ninaitumia kwenye tabaka la kwanza pekee. Mawili yaliyobaki ninayachora kwa mkono, doa kwa doa, kwa sababu brashi inayotawanya huacha nafasi zinazolingana, na ngozi haijui kulingana: madoa hujazana juu ya mwamba wa pua na sehemu ya juu ya mashavu panapopigwa na jua, kisha hupungua kwenye mfereji wa kando ya pua na karibu kutoweka chini ya nyusi.

Kufuata umbo la uso ndiko kulikochukua muda wangu mwingi. Madoa niliyoyachora bapa niliyagawa katika vipande vitatu, yaani mwamba wa pua, shavu la karibu na shavu la mbali, nikageuza kila kipande kuwa Smart Object ili niweze kukirudia, halafu nikakikunja kwa Edit > Transform > Warp. Shavu la karibu lilitazama kamera, kwa hiyo madoa yake yalibaki karibu na duara. Kwenye ubavu wa pua na shavu la mbali, ambako ngozi inageuka na kututoroka, niliyabana upana hadi karibu nusu na kuyasogeza yakaribiane, huku urefu wake ukibaki vilevile. Wengi hukimbilia kichujio cha Displace kwa kuwa kinayapinda madoa chenyewe, lakini kichujio hicho husoma mwanga, hakisomi umbo. Mwanga ukitoka upande mmoja, kama ulivyotoka dirishani kwetu, kivuli cha pua kinachukuliwa kuwa bonde na madoa yanapinda mahali ambapo ngozi ni tambarare.

Mng'ao ninaushughulikia kwa Blend If, mpangilio unaoficha tabaka kulingana na mwanga wa picha iliyo chini yake. Ninabofya tabaka mara mbili, kisha kwenye mstari wa Underlying Layer ninakishika kitelezi cheupe huku nikibonyeza Alt ili kigawanyike, nusu yake ninaiweka 170 na nyingine 220. Madoa yanaanza kufifia ngozi inapong'aa na yanatoweka kabisa kwenye kilele cha mng'ao. Namba hizi zilifaa picha hii. Ikiwa ngozi ni nyeupe zaidi, 170 itafuta madoa ya shavu zima, na dalili yake ni kwamba yanabaki kwenye vivuli tu. Mwisho ninatazama fokasi: shavu la mbali lilikuwa limefifia kidogo kwenye lenzi, nikayapa madoa yake Gaussian Blur ya pikseli 1.5.

Ndugu zangu, acheni kununua vifurushi vya brashi za madoadoa. Vimechorwa kwa uso unaotazama mbele, kwa ngozi ya mtu mwingine, na mtu anayevibandika ndiye anayewapa wenye studio wa aina ile sababu ya kutudharau. Nunueni kioo cha kukuzia, mkae na mtu mwenye madoadoa karibu na dirisha, na mtazame ni mangapi kati yake yanayofanana.

Kabla ya kupeleka faili kiwandani, ichapeni kwa ukubwa halisi. Kwa nukta 300 kwa inchi, kidoa cha pikseli 5 hakifiki nusu milimita kwenye karatasi, na wino unaotanuka huweza kukiunganisha na jirani yake. Kwenye jalada letu vidoa vya tabaka la tatu vilivyosongamana juu ya pua vilitoka vikiwa mstari mmoja mweusi, nikafuta karibu theluthi yake na kuvipunguzia Opacity ndipo tukaidhinisha.