Barua ya kwanza kwenye zabuni ya bima: sentensi moja ilivyotuangusha

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa zabuni za bima ya matibabu ya wafanyakazi wa taasisi za umma hapa Kenya, nikiwa upande wa kampuni ya bima. Ukurasa wa kwanza wa kabrasha huwa ni barua ya utangulizi. Aghalabu huandikwa usiku wa mwisho, tena kwa kunakili ya zabuni iliyopita, na kwa njia hiyo tulipoteza kazi ambayo bado inaniuma.

Taasisi yenyewe ilikuwa na wafanyakazi wapatao mia sita, wengi wao wakiwa kwenye vituo vya mbali na Nairobi. Fomu ya Zabuni tuliijaza vizuri na dhamana ya benki ilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa aya ya mwisho ya barua: "Ada hii inatokana na idadi ya wanachama mliyotupatia, nasi tutaipitia upya endapo idadi hiyo itabadilika." Kampuni binafsi ukiiandikia hivyo, hakuna atakayeshtuka. Kamati ya tathmini ya taasisi ya umma iliisoma kama sharti, kwamba bei yetu bado haijasimama. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 79, inataka zabuni itimize mahitaji yote ya lazima, na kifungu cha 82 kinataka bei iliyosomwa siku ya ufunguzi iwe ndiyo ya mwisho. Tuliondolewa hatua ya awali, kabla hata hawajafika kwenye orodha yetu ya hospitali.

Tangu hapo siandiki kwenye barua bei, siku za uhalali wa zabuni, wala neno "endapo". Mambo hayo yana fomu yake, na yakiandikwa mahali pawili kuna siku yatapishana. Kama jambo la wanachama wanaoingia na kutoka katikati ya mwaka halieleweki kwenye hati yao, ninaomba ufafanuzi kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho ya kuuliza.

Nafasi iliyobaki kwenye barua ninaitumia kwa huduma, na hapa ndipo penye kazi. Sitaji ubora wetu wote. Ninasoma maelezo ya mahitaji yao mara mbili, nikitafuta kinachorudiwa, kwa sababu kinachorudiwa ndicho kilichowaumiza mwaka uliopita. Hati moja ilitaja vituo vya nje karibu kila ukurasa. Rasimu ya kwanza ya barua yetu ilisema: "Tuna mtandao mpana wa hospitali kote nchini." Hakuna mzabuni asiyesema hivyo. Nikaibadilisha ikawa hivi, ingawa barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza:

"Wafanyakazi wenu walioko Lodwar, Garissa na Marsabit watatibiwa bila kutoa pesa mfukoni katika hospitali zilizo ukurasa wa 61 hadi 64. Mikataba yetu na hospitali hizo iko ukurasa wa 65 hadi 80."

Msomaji akiufungua ukurasa wa 65 akakuta mkataba uliosainiwa na ambao haujaisha muda, hana haja ya kutuamini kwa maneno.

Jambo la pili ni idhini ya kulazwa, ile barua ambayo hospitali huisubiri kabla ya kumpokea mgonjwa wa bima. Rasimu iliahidi saa moja. Jumamosi moja nilikwenda kukaa na wenzangu wa dawati la idhini nione. Dharura zilijibiwa upesi kwa simu, lakini upasuaji uliopangwa ulisubiri daktari wetu arudi kazini. Kwa hiyo tuliandika ahadi mbili: dharura ndani ya dakika 30, upasuaji uliopangwa ndani ya siku moja ya kazi. Zabuni ikishinda, ahadi kama hizo huweza kuingia kwenye mkataba, na anayezibeba ni yule wa dawati, si mimi niliyeandika. Mwulize yeye kwanza.

Sahihi iwe ya mtu yule yule aliyetajwa kwenye hati ya uwakili na aliyesaini Fomu ya Zabuni. Meneja wa mauzo asiitie sahihi barua kwa sababu tu bosi yuko safarini.

Kisha kuna namba za kurasa. Sheria inataka kurasa zote zihesabiwe kwa mfuatano, na barua nayo imo kwenye hesabu. Wakati fulani tuliifupisha barua kutoka kurasa mbili hadi moja baada ya kuweka namba, na kila rejeo likasogea kwa ukurasa mmoja. Siku hizi ninaacha nafasi wazi za namba hadi kabrasha lote lipigwe muhuri wa kurasa, ndipo ninazijaza. Baada ya hapo mimi ninasoma rejeo kwa sauti, mwenzangu anafungua ukurasa na kunitajia alichokikuta.