Maswali na majibu: Faksi kwenye printa ya kazi nyingi

Nimechomeka waya wa simu nyuma ya printa, bado inaandika "No Dial Tone". Printa ni mbovu?

Chungulia nyuma. Kwa kawaida kuna matundu mawili yanayofanana: LINE ndilo linalokwenda ukutani, na EXT ni la simu ya mezani. Ukichomeka EXT, printa haisikii kitu. Kama waya uko LINE, chomoa, uchomeke simu ya kawaida kwenye soketi ileile. Simu nayo ikiwa kimya, tatizo ni laini.

Ofisi yenye swichibodi ina jambo la ziada. Soketi za simu za kidijitali haziifai faksi, na zinaweza hata kuiunguza. Omba laini ya analogi. Na kama mnabonyeza 9 ili kutoka nje, weka kituo baada ya hiyo 9 kwa kitufe cha Pause. Bila kituo, printa humaliza namba zote kabla laini ya nje haijafunguka.

Kurasa za mwanzo zinakwenda vizuri, halafu inakatika. Nimerudia mara tano.

Hili limenisumbua mwenyewe. Nilikuwa na mkataba wa kurasa 8, kila mara ukikatika kwenye ya 2 au ya 3. Ofisi ilikuwa imehamishia simu kwenye intaneti, printa ikichomekwa kwenye kisanduku cha mtandao.

Mashine mbili hukubaliana kasi mwanzoni mwa simu, wakati laini imetulia. Laini ya intaneti ikidondosha sauti kidogo tu baadaye, masikio ya mtu hayatambui, lakini faksi hupotea njia. Ndiyo maana mwanzo si kipimo.

Nilifungua mpangilio wa Fax Speed. Ulikuwa Fast, yaani biti 33,600 kwa sekunde. Nikashusha hadi Medium, 14,400, ikafika ukurasa wa 6. Nikaweka Slow, 9,600, zote 8 zikapita. Gharama yake ni muda: ukurasa wenye biti 320,000 hutumia kama sekunde 10 kwa 33,600, na sekunde 33 kwa 9,600. Kwa mkataba, nasubiri.

ECM, yaani kusahihisha makosa, iache imewashwa kwanza. Hurudisha vipande vilivyoharibika. Ukiizima, simu inaweza kufika mwisho huku mistari ya maandishi ikikosekana, na kwenye tarakimu za fedha hilo ni baya. Kama laini ni ya intaneti, mwombe pia anayeihudumia awashe T.38, iliyotengenezwa kwa ajili ya faksi.

Tukitumiwa faksi simu inalia tu, hakuna kinachochapwa.

Washa Auto Answer, kisha tazama Rings to Answer. Kama mashine ya kupokea ujumbe huitika mlio wa 4 na printa imewekwa 5, printa haipati zamu. Kwa laini ya faksi pekee, weka 2. Mkiitumia pia kuongea, weka printa iitike kabla ya mashine ya ujumbe. Ukinyanyua simu ukasikia kilio kifupi kinachojirudia kila baada ya sekunde chache, hiyo ni faksi inaita: bonyeza Start kwenye printa kabla hujakata.