Programu ikisema "haiwezekani", idai sababu: 2-SAT kwa grafu ya masharti

Wengi wanaojifunza 2-SAT, yaani tatizo la kutimiza masharti ambayo kila moja ni la "hiki au kile" kati ya vitu viwili, huishia kwenye jibu la ndiyo au hapana. Masharti yanatimizika, au hayatimiziki, basi. Kwa uzoefu wangu wa kupanga majina kwenye ramani za vituo vya daladala, jibu la hapana peke yake halimsaidii mtu. Anayekuletea kazi atauliza mara moja: kwa nini haiwezekani, na nibadilishe nini? Raha ya njia hii ni kwamba sababu tayari imo ndani ya grafu uliyoijenga. Ushauri wangu ni uitoe, umwonyeshe.

Tuanze na kazi yenyewe. Una nukta kwenye ramani, na kila nukta ina jina. Jina linaweza kuandikwa kulia au kushoto kwa nukta yake, hakuna nafasi ya tatu. Majina mawili yasigongane. Chukua vituo vinne vya katikati ya Dar es Salaam, kutoka magharibi kwenda mashariki: Kariakoo, Mnazi Mmoja, Posta, Kivukoni. Kila kimoja nakipa herufi: k, m, p, v. Herufi ikiwa kweli, jina liko kulia. Ikiwa si kweli, liko kushoto, nami naandika ¬k, ¬m na kadhalika.

Tuseme ukubwa wa maandishi uliochaguliwa unaleta migongano mitatu. Kariakoo ikiandikwa kulia na Mnazi Mmoja kushoto, maneno yanapandana. Mnazi Mmoja kulia na Posta kushoto, vilevile. Posta kulia na Kivukoni kushoto, vilevile. Juu ya hayo kuna makatazo mawili: kushoto kwa Kariakoo kumewekwa kisanduku cha ufunguo wa ramani, na kulia kwa Kivukoni kumeshaandikwa jina la kivuko cha kwenda Kigamboni. Ukiyaandika kama masharti ya "hiki au kile", unapata matano:

```
¬k au m
¬m au p
¬p au v
k
¬v
```

Sharti la kwanza linasema: ama Kariakoo haiko kulia, ama Mnazi Mmoja iko kulia. Ndiyo njia ya kukataa "Kariakoo kulia pamoja na Mnazi Mmoja kushoto".

Sasa kila sharti la "a au b" lina sura mbili. Kama a imekosekana, lazima b iwepo. Kama b imekosekana, lazima a iwepo. Kila sura ni mshale mmoja kwenye grafu: ¬a kwenda b, na ¬b kwenda a. Nodi za grafu ni herufi pamoja na vikanusho vyake, kwa hiyo vituo vinne vinatoa nodi nane. Sharti lenye kitu kimoja tu, kama k, lisome kuwa "k au k", nalo linatoa mshale ¬k kwenda k. Ukiufikiria utauona una akili: hata ukianza kwa kudhani Kariakoo iko kushoto, unasukumwa kulia.

Kwenye kompyuta mimi huzipa nodi namba kwa jozi. Kituo cha i kikiwa kulia ni 2*i, kikiwa kushoto ni 2*i+1. Hapo kikanusho cha nodi yoyote kinapatikana kwa `^ 1`, na kuongeza sharti ni mistari miwili:

```python
def ongeza(g, a, b, namba):      # sharti: a au b
    g[a ^ 1].append((b, namba))
    g[b ^ 1].append((a, namba))
```

Usiache mstari wa pili hata siku moja. Mshale wa pili ukikosekana, programu haianguki wala hailalamiki, inatoa tu jibu la uongo kwa utulivu kabisa. Kwenye mfano wetu, ukiweka mishale ya mbele peke yake utapata k → m → p → v → ¬v, pamoja na ¬k → k. Hakuna mzunguko wowote humo, na programu itakuambia ramani inawezekana. Kinga yake ni rahisi: hesabu mishale. Iliyo kwenye orodha lazima iwe mara mbili ya masharti kamili, yaani hapa 10, ambamo miwili ni nakala iliyotokana na masharti ya kitu kimoja.

Ukiweka yote, fuata mishale uone. Kutoka ¬k unafika k. Kutoka k unakwenda m, kisha p, kisha v. Kutoka v, kwa katazo la Kivukoni, unatupwa ¬v. Kutoka ¬v sura za pili za masharti zinakurudisha: ¬p, ¬m, na mwisho ¬k. Umerudi ulikoanza, na umepita nodi zote nane. Nodi ambazo kila moja inaweza kuifikia nyingine kwa kufuata mishale zinaunda kundi lililofungamana. Ndani ya kundi kama hilo, ukikubali moja umezikubali zote. Kwa hiyo k na ¬k zikiwa kundi moja, hakuna pa kutokea, maana kitu hakiwezi kuwa kweli na uongo kwa pamoja.

Jambo lenye uzito ni upande wa pili: kama hakuna herufi hata moja iliyo kundi moja na kikanusho chake, basi jibu lipo hakika. Haya yaliandikwa na Aspvall, Plass na Tarjan mwaka 1979, wakitumia njia ya Tarjan ya mwaka 1972 ya kutafuta makundi yaliyofungamana. Kazi yote inakua sambamba na idadi ya herufi na masharti, si zaidi, hivyo ramani yenye vituo maelfu haina shida.

Turudi kwa mwenye ramani. Ukimwambia "haiwezekani" atakunja uso. Badala yake chukua herufi iliyogongana na kikanusho chake, hapa k, kisha tafuta njia fupi kutoka k hadi ¬k, na nyingine kutoka ¬k hadi k. Utafutaji wa ngazi kwa ngazi unatosha, na njia zote mbili lazima zipo kwa sababu nodi ziko kundi moja. Ndiyo maana nimebeba `namba` ya sharti kwenye kila mshale: unapopita njiani unaokota namba, na ukimaliza unazigeuza kuwa sentensi. Kwa mfano wetu zinatoka hivi: Kariakoo haiwezi kwenda kushoto kwa sababu ya ufunguo wa ramani. Ikiwa kulia, inaisukuma Mnazi Mmoja kulia, nayo inaisukuma Posta, nayo inaisukuma Kivukoni kulia, ambako kuna jina la kivuko. Mtu yeyote anaielewa hiyo, hata asiyejua programu. Tena anaona palipo na uwezekano wa kukata mnyororo. Herufi zilizogongana zikiwa nyingi, jaribu kila moja, onyesha yenye njia fupi kuliko zote, kwa sababu maelezo ya masharti manne yanasomeka na ya masharti arobaini hayasomeki.

Tuseme mwenye ramani anakubali kupunguza ukubwa wa herufi za Posta, na mgongano wa Posta na Kivukoni unaondoka. Sharti la tatu linafutwa. Sasa mishale iliyobaki inakwenda ¬p → ¬m → ¬k → k → m → p, na pembeni v → ¬v. Hakuna kinachorudi nyuma, kila nodi ni kundi lake. Jibu linatolewa kwa kuyapanga makundi kwa mpangilio wa mishale, kisha kwa kila herufi kuchagua upande ulio mbele zaidi mishale inakoelekea. k iko mbele ya ¬k, m mbele ya ¬m, p mbele ya ¬p, na ¬v mbele ya v. Kariakoo, Mnazi Mmoja na Posta kulia, Kivukoni kushoto.

Kwa nini kuchagua cha mbele hakuvunji sharti? Chukua x iliyochaguliwa na mshale x → y, kisha dhani y haikuchaguliwa. Maana yake ¬y iko mbele ya y. Lakini kila mshale una pacha wake, hivyo pia kuna ¬y → ¬x. Fuata mpangilio: x haiko mbele ya y, y iko nyuma ya ¬y, na ¬y haiko mbele ya ¬x. Basi x iko nyuma ya ¬x, wakati tuliichagua kwa sababu iko mbele. Haiwezekani. Hoja nzima inasimama juu ya ule mshale pacha, na ndiyo sababu nimeusisitiza sana.

Hapa kuna mtego wa alama. Njia ya Tarjan hufunga kwanza makundi ya mwisho wa mishale, hivyo namba ndogo ndiyo iliyo mbele, na unaandika `kundi[x] < kundi[x ^ 1]` kwa kweli. Njia ya Kosaraju, inayopita grafu mara mbili, kwa kawaida hutoa namba kinyume chake, na alama inageuka kuwa `>`. Usiikariri. Kila mara baada ya kupata jibu, lipitishe kwenye masharti yote moja moja. Ukikosea alama kwenye mfano wetu, Kariakoo itaangukia kwenye ufunguo wa ramani, na ukaguzi huo utalinasa papo hapo. Kwa wanaotumia Python, kumbuka pia kuwa kina cha funksheni kujiita yenyewe kwa kawaida kinaishia 1000. Mnyororo mrefu wa vituo vinavyosukumana unakipita kirahisi, kwa hiyo andika utafutaji kwa rafu yako mwenyewe.

Mwisho, ujue ukuta uko wapi. Ukitaka kumpa kila jina nafasi nne, juu, chini, kulia na kushoto, makatazo ya "si hizi mbili pamoja" bado ni ya vitu viwili na yanaingia vizuri. Linaloharibu ni sharti moja: "angalau mojawapo ya nne". Nafasi moja ikikataliwa, zinabaki tatu za kuchagua, na hakuna mshale unaoweza kuchorwa. Tatizo hilo la nafasi nne, kwa ujumla wake, ni NP-gumu, yaani haijulikani njia ya haraka ya kulitatua kila mara. Ni hivyohivyo ukiambiwa, "kama haiwezekani, vunja masharti machache iwezekanavyo". Grafu itakuonyesha mnyororo wa kukata, lakini haitakuambia ni mikato ipi michache kuliko yote itakayofungua ramani nzima. Mimi hukata mmoja kwa kushauriana na mwenye ramani, naiendesha programu upya, na kama kuna mnyororo mwingine unajitokeza wenyewe.