Msiguse ukuzaji wakati ncha iko mezani

Vijana wangu, nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali. Kila anayeingia maabara akapewa kujenga amplifaya ya themokapo aina ya K hufanya jambo lilelile: anawasha bodi, ncha iko mezani, mita inaonyesha namba isiyolingana na joto la chumba, naye mara moja anachukua bisibisi na kuzungusha potenshomita ya ukuzaji. Acheni.

1. Kwanza jueni mnachokuza. Themokapo haitoi volteji ya joto la ncha, inatoa volteji ya tofauti kati ya ncha na kiungo baridi, yaani pale waya wake unapokutana na shaba ya bodi yenu. Ncha ikiwa mezani, pande zote mbili zina joto moja, kwa hiyo themokapo inatoa sifuri. Sifuri hata mkiizidisha mara elfu itabaki sifuri. Namba mnayoiona inatoka kwingine kabisa.

2. Inatoka kwenye fidia, yaani volteji tunayoongeza kwa ajili ya joto la kiungo baridi. Katika saketi yetu sensa ya joto ya LM35 hutoa 10 mV kwa kila nyuzi. Tunaigawa kwa rezista za 24.6 kΩ na 100 Ω, ikabaki mikrovolti 40.5 kwa nyuzi, sawa na mwinuko wa aina ya K karibu na joto la chumba. Hiyo ndiyo inayojumlishwa na volteji ya themokapo kabla ya kukuzwa. Tunataka 10 mV kwa nyuzi kwenye toleo, na tanuri letu hufanya kazi karibu na 250 °C, ambapo jedwali linasema 10.153 mV. Basi:

```
G = 2500 mV / 10.153 mV = 246.2
```

Rezista ya 1 kΩ chini, 240 kΩ juu pamoja na potenshomita ya 10 kΩ, mnapata 241 hadi 251. Inatosha.

Sasa kisa chenyewe. Kijana mmoja, mwenye bidii kweli, aliona 310 mV mezani wakati chumba kina nyuzi 25. Potenshomita ya 10 kΩ haikumfikisha, akaweka rezista ndogo zaidi mahali pa ile ya 240 kΩ, akashusha ukuzaji hadi 199, mita ikasoma 250 mV. Akafurahi. Lakini ziada ile ya 60 mV ilikuwa ofseti ya op-ampu, yaani kosa dogo la volteji la chipu yenyewe inayokuza, kama mikrovolti 244 kwenye ingizo, na ofseti haiponi kwa kupunguza ukuzaji. Tanuri lilipofika 250 °C halisi, mita ilisema 207. Nyuzi 43 pungufu, na kidhibiti kingeendelea kulipasha moto bila kujua. Angeliiacha saketi kama ilivyokuwa, ingesoma 256. Yaani tiba ilikuwa mbaya mara saba kuliko ugonjwa, na iliumiza zaidi kwa sababu mezani kila kitu kilionekana safi.

Utaratibu ni huu. Unganisheni taminali mbili za themokapo kwa kipande cha waya: toleo lazima lionyeshe joto la taminali zenyewe. Likikosea, sahihisheni ofseti, siyo ukuzaji. Kisha ondoeni waya, wekeni chanzo cha milivolti na ingizeni 9.153 mV, ambayo ni 10.153 kutoa 1.000 ya kiungo baridi chenye nyuzi 25. Hapo tu ndipo mnagusa ukuzaji, mpaka toleo lisome 2.50 V. Rudieni hatua zote mbili mara moja zaidi, kwa kuwa kila moja huigusa nyingine kidogo.

3. Op-ampu ya LM358 msiitumie hapa. Ofseti ya 2 mV ni karibu nyuzi 50. OPA333 haizidi mikrovolti 10.

4. Msitegemee mstari ulionyooka kupita mnapouhitaji. Kwa ukuzaji wa 246.2, kosa hadi 300 °C ni nyuzi moja na kidogo, lakini ikifika 500 °C toleo litasoma karibu 508. Mkitaka 500 ndiyo iwe sahihi, ukuzaji ni 242.2, ila mtalipia katikati: 250 itasoma 246. Hakuna namba moja inayonyoosha mkunjo wote, chagueni mahali tanuri linapoishi.

5. LM35 ikae imegusa taminali, mbali na regyuleta. Ikipata nyuzi 7 zaidi ya taminali, toleo litapanda nyuzi 7, hata tanuri likiwa limezimwa. Wekeni ncha kwenye maji yenye barafu inayoyeyuka, kisha pulizieni taminali hewa ya moto: toleo likipanda na kushuka kwa dakika kadhaa, sensa haijagusa vizuri.