Nimepata Song, namba 6, mstari wa nne unabadilika

"Mimi na mume wangu tunagombana kila mwisho wa mwezi kuhusu pesa anazomtumia mama yake. Nimerusha sarafu za Yijing, kitabu cha kale cha Kichina cha kupigia ramli, nikapata namba 6, mstari wa nne ukibadilika. Ina maana nitashindwa?"

Hapana, dada. Song, yaani ugomvi, ni alama ya mistari sita, mbingu juu, maji chini: mbingu yapanda, maji yateremka, kila mmoja na njia yake. Maandishi yenyewe hayasemi umekosea. Yanasema una ukweli moyoni ila umezuiwa, na kwamba kusimama katikati ni heri, kufika mwisho ni balaa. Mstari wa sita unaonyesha mshindi akivishwa mkanda wa heshima, kisha akivuliwa mara tatu kabla asubuhi haijaisha. Hata ukishinda, ni hivyo.

Mstari wako wa nne ni wa mtu asiyeweza kuendelea na ugomvi, basi anageuka na kutulia. Ukibadilika unazaa namba 59, Huan, kutawanyika: upepo juu ya maji. Mimi ningeacha kubishana kama atume au asitume. Kubalianeni kiasi, na tarehe, kabla mshahara haujaingia, maana Song inasisitiza kupanga mwanzo vizuri.

Msipoelewana, inashauri kumwona "mtu mkubwa", yaani mwamuzi asiyeegemea upande. Mama mkwe si huyo! Mtafuteni mshauri wa ndoa. Na kama kuna vipigo au vitisho, achana na sarafu, ondoka utafute msaada leo.