Maswali na Majibu: Mkutano Urekodiwe Kwenye Wingu au Kwenye Kompyuta?

Chama chetu cha msingi cha korosho hukutana kwa Zoom saa moja na nusu kila wiki. Tubonyeze “Record on this Computer” au “Record to the Cloud”? (Katibu, Newala)

Ndugu Katibu, nianze na tofauti ambayo wengi hawaioni hadi rekodi iharibike. Ukirekodi kwenye kompyuta, kinachohifadhiwa ni kile kinachoifikia kompyuta yako. Kwa hiyo mtandao ukiyumba pale ofisini, maneno ambayo wewe hukuyasikia hayatakuwemo hata kwenye rekodi. Ukirekodi kwenye wingu, kazi hiyo hufanywa na seva, nayo huendelea kuwapokea wajumbe wengine hata kama mtandao wako umelegea kwa dakika kadhaa.

Wingu linahitaji akaunti ya kulipia, lakini kama mnayo na mtandao wenu si wa kutegemewa, rekodini huko. Kama mtandao umetulia, na anayehitaji rekodi ni wewe peke yako kwa ajili ya kuandika muhtasari, rekodi kwenye kompyuta, kwa sababu hutatumia bando lolote kuipata.

Akaunti yetu inaonyesha nafasi ya gigabaiti 5 kwenye wingu. Itatosha mikutano mingapi? (Katibu huyohuyo)

Kwa makadirio ya kawaida, saa moja ya mkutano wenye video huchukua megabaiti 200 hivi, kwa hiyo mkutano wenu ni kama megabaiti 300, na gigabaiti 5 zitabeba mikutano 16, yaani miezi minne ya mikutano ya kila wiki. Hesabu hiyo inavunjika haraka kama mipangilio imeachwa ihifadhi mkutano uleule kwa sura kadhaa: faili la anayezungumza, faili la nyuso zote na faili la skrini iliyoshirikishwa. Kila moja ni video kamili na kila moja inakula nafasi. Ingia kwenye mipangilio ya rekodi katika tovuti ya Zoom, uache sura moja ya video pamoja na faili la sauti pekee, ambalo ni dogo sana likilinganishwa na video.

Mkutano uliisha saa kumi alasiri, nikafungua ukurasa wa rekodi saa kumi na moja, sikukuta kitu. Imepotea? (Afisa ugani, Nachingwea)

Haijapotea. Mkutano ukiisha, seva huanza kuichakata rekodi, na kazi hiyo kwa kawaida huchukua takriban mara mbili ya muda wa mkutano. Mkutano wa saa moja na nusu uwe tayari kama saa moja usiku, na siku ambazo seva zimeelemewa unaweza kusubiri hadi saa 24. Barua pepe hukujulisha inapokuwa tayari.

Baada ya hapo kuna muda wa kupakua, na hapa watu wengi hukosea hesabu, kwa kuwa kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti ilhali ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Tuseme mtandao wako unapokea megabiti 2 kwa sekunde. Hiyo ni robo ya megabaiti kwa sekunde, na faili la megabaiti 300 litahitaji sekunde 1,200, ambazo ni dakika 20 bila kukatika. Wajumbe wanane wakilipakua kila mmoja kwa simu yake, jumla inakuwa gigabaiti 2.4 za bando zilizotoka mifukoni mwao. Ningependa sana muwaonee huruma hapo: mpakue mara moja, kisha muwatumie sauti pekee, maana anayetaka kujua kilichoamuliwa kuhusu magunia na maghala hahitaji kuziona nyuso.

Nikirekodi kwenye kompyuta na umeme ukakatika, rekodi inakwenda wapi? (Mwalimu, Masasi)

Wakati wa mkutano programu huandika faili ghafi, na mkutano ukiisha ndipo huligeuza kuwa MP4. Mimi mwenyewe umeme uliwahi kunikatikia ugeuzaji ukiwa katikati, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri. Uliporudi, nilifungua folda ya `Zoom` ndani ya `Documents`, nikakuta folda yenye tarehe ya mkutano, na ndani yake faili hili:

```
double_click_to_convert_01.zoom
```

Nililibofya mara mbili, ugeuzaji ukaanza upya, na baada ya muda nikapata `.mp4` iliyochezeka yote. Usilifute faili hilo kabla hujaisikiliza MP4 mwanzo hadi mwisho. Kumbuka pia kwamba wakati wa kugeuza mafaili yote mawili yanakuwepo kwenye diski, kwa hiyo acha nafasi ya kuyatosha yote. Umeme ukikatika mkutano ukiwa bado unaendelea, uwezekano wa kuliokoa faili ghafi ni mdogo zaidi. Kwa mikutano ya namna hiyo tumia kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, au rekodi kwenye wingu.