Kichupa cha mililita 10, matone 20 na mwezi mmoja wa subira

Swali la wiki: "Nimenunua mafuta ya karafuu, mlangilangi na ubani, nataka kujitengenezea manukato ya mafuta nyumbani. Niweke matone mangapi kwenye mafuta ya kuchanganyia, na yakae muda gani kabla sijayapaka?"

Mimi hutengeneza vichupa vya mililita 10, vile vyenye kigololi mdomoni, na kipimo changu ni matone 20 ya mafuta makali ndani ya mafuta mepesi ya kujaza kichupa. Hiyo ni kama sehemu moja kwa kumi. Nikisema mafuta makali nakusudia yale yanayokamuliwa au kutolewa kwa mvuke kutoka kwenye mmea wenyewe, si zile harufu za kiwandani zinazouzwa kwa majina ya maua. Ukitaka kuyapima ya karafuu au ya chungwa, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe uliache mpaka kesho yake. Likiacha duara la mafuta kama la sambusa, yametiwa mafuta ya kupikia au mfano wake. Na ukiuziwa "asumini safi" kwa bei ya soda, jua si asumini. Mafuta halisi ya asumini ni ghali mno.

Karafuu na mlangilangi ulizonunua ndizo zinazotaka tahadhari. Zote mbili zina nguvu ya kuwasha ngozi, na katika mililita 10 mimi siweki zaidi ya tone moja la kila moja. Najua inaonekana uchoyo. Mwaka ule binamu yangu alipoolewa hapa Langoni nilitaka kumpa harusini kitu cha mkono wangu. Siku ya tatu baada ya kuchanganya nikanusa, nikaona harufu imelala, nikaongeza karafuu matone manne. Usiku wa kuamkia kuingia ndani bibi harusi alikuwa na alama nyekundu shingoni, pande zote mbili, mahali hasa alipojipaka. Zilikaa siku mbili. Kinachochoma ni ujenoli, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na ndiyo hiyo hiyo inayotuliza jino linapouma.

Mchanganyiko wangu wa sasa ni huu. Pachuli matone 3 na sandali matone 4, hizi ndizo za chini, zinazobaki kwenye ngozi hadi jioni. Ubani matone 5 na mlangilangi tone 1 kwa katikati. Juu kabisa chungwa tamu matone 6 na karafuu tone 1, ingawa karafuu kwa kweli haikai juu, inashuka yenyewe katikati ya siku. Jumla 20. Chungwa hilo nalisema tamu kwa makusudi: mafuta ya ndimu au limau yaliyokamuliwa kwenye maganda yakiwa kwenye ngozi na jua likikupiga, yanaweza kuacha madoa au malengelenge. Chungwa tamu halina tabu hiyo. Huna pachuli na sandali? Ongeza ubani uwe 8, ila manukato yatapotea mapema.

Kabla ya yote, hesabu matone ya kipira chako mwenyewe cha kudondoshea. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 1, lisilo na sindano, dondosha matone 20 ya mafuta mepesi kwenye kijiko, uyavute kwa bomba uone kama yanafika mililita 1. Kwa kawaida mililita moja ni kama matone 20, lakini kipira kimoja changu hutoa 30, na mafuta mazito kama sandali hudondoka makubwa kuliko ya chungwa. Ukiona yako yanatoka madogo, hesabu yote inapanda sawasawa.

Sasa mafuta ya kuchanganyia. Wengi hapa kwetu tutakimbilia ya nazi, na mimi nilianza nayo. Tatizo ni kwamba yale ya kupika nyumbani kwa tui hubaki na maji na makapi kidogo, yakachacha ndani ya miezi michache, na harufu yake ya nazi haijifichi. Yaliyosafishwa kiwandani, yasiyo na harufu, yanafaa, ila alfajiri za kusi yanaweza kuganda, maana nazi huanza kuwa ngumu chini kidogo ya digrii 25. Yakiganda kigololi hakizunguki. Mafuta ya jojoba ndiyo hayana mambo: hayagandi kwenye baridi yetu, hayana harufu ya kusumbua na yanachelewa sana kuchacha. Ya ufuta yaliyokaangwa usiyaguse, manukato yatanuka mkahawa.

Kutengeneza ni mara mbili, si mara moja. Kwanza weka matone 20 peke yake ndani ya kichupa kikavu cha kioo cheusi au kahawia, funga, tikisa taratibu, uyaache siku 7. Siku ya kwanza utasikia kila kitu kikipiga kelele, karafuu mbele na chungwa nyuma yake. Kufikia siku ya nne ile ncha kali inaanza kupotea, na kufikia ya saba huwezi tena kuonesha kwa kidole ipi ni ipi. Hapo ndipo unajaza jojoba mpaka shingoni mwa kichupa, yaani kama mililita 9, na unayaweka tena wiki tatu, ukiyatikisa kila siku chache.

Wiki ya kwanza baada ya kuyachanganya na jojoba ndiyo iliyonidanganya mimi. Harufu inaonekana imekufa. Haijafa, imezama, na mafuta huachia harufu polepole kuliko spiriti. Usiongeze tone. Kuanzia wiki ya pili itaanza kurudi, na sandali ndiyo huonekana mwisho. Pakua kidogo siku ya 28, weka ndani ya kiwiko, usubiri saa 24 bila kuosha hapo. Ngozi ikiwasha au ikiwa nyekundu, osha kwa sabuni na usiyatumie.

Mahali pa kuwekea ni jambo la maana kuliko watu wanavyodhani. Mimi naweka kwenye kidaka cha chumba cha ndani, mbali na dirisha, maana kuta nene za mawe hubaki baridi hata kaskazi likiwa limekaa. Dada mmoja jirani aliyaweka juu chini ya mabati, wiki mbili chungwa likawa limegeuka, linanuka kama rangi ya mashua. Mafuta ya chungwa ndiyo huharibika kwanza, na yakizeeka huanza kuwasha ngozi. Andika tarehe chini ya kichupa. Mimi baada ya mwaka nakimwaga.

Na maua mabichi ya asumini yasiingie humo hata kwa mapenzi. Yana maji, na maji ndani ya mafuta ni ukungu kwa siku chache. Hayo yaache kwenye vikuba.

Ikiwa baada ya mwezi bado karafuu inatawala, usijaribu kuizima kwa kuongeza harufu nyingine. Hamishia yote kwenye kichupa cha mililita 15, ongeza jojoba mililita 5, uyaache wiki mbili tena. Yatapoa kwa theluthi. Na yapake mwilini tu, nyuma ya masikio na kwenye vifundo vya mikono, kabla hujavaa: kwenye kanzu nyeupe doa lake halitoki.

Msomaji, Langoni, Lamu